Mshono wa oparesheni umevimba: yanayosemwa mtaani na ukweli wenyewe

Nipo wadi ya wazazi, na simu ninazopigiwa sana ni zile za siku ya 4 au ya 5 mama akisharudi nyumbani na mshono wa oparesheni: "dada, pamevimba na pamekuwa pekundu, ni kawaida au ndo pameoza?" Hebu tuyaweke sawa.

Wanasema: mshono ukiwa mwekundu tu, ujue umeshaingia wadudu.

Hapana. Siku 2 au 3 za mwanzo mwili unajishona, kwa hiyo pembeni ya nyuzi panakuwa na wekundu kidogo, uvimbe kidogo, hata majimaji mepesi ya pinki kwenye gozi. Cha kuangalia ni unaelekea wapi. Mshono mzima kila siku unakuwa afadhali ya jana. Ulioingia wadudu mara nyingi unakudanganya kwanza, maumivu yanapungua halafu kati ya siku ya 5 na ya 10 yanarudi.

Ndivyo ilivyokuwa kwa wifi yangu. Kapasuliwa Jumatatu, katoka Alhamisi, Ijumaa anatembea vizuri kabisa, Jumamosi usiku anasema upande wa kulia unampwita. Jumapili asubuhi nikaenda kumuona.

Wanasema: hapajawa pekundu, basi salama.

Wifi ni mweusi tii, wekundu ungeonekana wapi? Nilichokiona ni ngozi imekuwa nyeusi zaidi ya pembeni yake, imevutika inang'aa. Nikaweka mgongo wa mkono kushoto, pa kawaida, kulia pa moto, nikibonyeza pagumu kama kiazi na yeye anaruka. Nikachukua biki nikachora mstari pale ugumu ulipoishia, saa 3 asubuhi. Saa 9 mchana ulishavuka mstari kwa vidole viwili. (Kusema ukweli ile asubuhi tu ilitosha kuondoka naye, nilichelewa mwenyewe.)

Wanasema: hana homa, bado.

Asubuhi ile kipimajoto kilisoma 37.4 tukashukuru, kumbe saa moja nyuma alikuwa amemeza panadoli ya maumivu. Panadoli inashusha homa pia! Pima kabla ya kumeza. Jioni dawa ilipoisha nguvu ikasoma 38.6. Halafu mshono unaweza kuwa na usaha na homa isiwepo kabisa, hasa mwanzoni.

Wanasema: nunua dozi duka la dawa, pata kapsuli upasue unyunyize unga juu.

Hili ndo linaniuma, maana mama mkwe alishalifanya kabla sijafika. Unga wa kapsuli umetengenezwa kwa ajili ya kumezwa, juu ya kidonda unagandamana tu na majimaji unakuwa koko, chini yake usaha unaendelea. Na usaha ukishajikusanya chini ya ngozi, vidonge peke yake haviumalizi, lazima utolewe. Hospitali walimkata nyuzi mbili tu upande wa kulia, ukatoka usaha wa kutosha na harufu yake, wakasafisha kwa maji ya chumvi ya hospitali, wakaweka gozi ndani na kidonda wakakiacha wazi makusudi kijae kutokea chini. Antibayotiki alipewa pia, ila alianza kulala usingizi usiku uleule kwa sababu ya kile kilichotolewa. Wiki kama 3 kikafunga.

Wanasema: kanda na maji ya moto, na mayai asile yataleta usaha.

Kumkanda mzazi tumbo la mshono kwa maji ya moto ni kumuunguza na kufungua nyuzi, basi. Kuoga anaoga baada ya saa 48 kama hospitali haijasema vingine, maji safi na sabuni ya kawaida, asisugue, akaushe kwa kugusagusa na kitambaa safi, na kama tumbo linaangukia mshono alinyanyue pale pakauke. Spiriti hapana. Mayai, maharage, samaki ale, nyama mpya inajengwa na hivyo hivyo anavyokatazwa.

Sasa kurudi hospitali: maumivu yanayoongezeka, pa moto na pagumu panapotanuka, usaha au harufu, mshono kuachia, homa ya 38 kwenda juu, au uchafu wa uzazi unaonuka, nenda siku hiyo hiyo usingoje kliniki. Usiku huohuo, hata kwa bodaboda ya jirani, kama maumivu ni makali kuliko unachokiona kwa macho, ngozi inatoa malengelenge au inageuka rangi ya kijivu au nyeusi, anatetemeka, anahema haraka, anaongea visivyoeleweka. Hii aina mbaya haingojei siku ya 5, inaweza kuanza ndani ya saa 48 za kwanza. Na utumbo ukichungulia usiurudishe ndani, funika na kitambaa safi kilicholowa maji safi, alale, asile wala asinywe, muondoke.

Kuangalia mshono usiache mpaka siku 30 zipite, hata kama nyuzi zimeshatolewa.