Hisa haitwaliwi kwa ujumbe wa wasapu: wito wa malipo unavyopaswa kwenda

Pamoja na taarifa za mwaka za makampuni, sisi wa ofisi ya Msajili wa Makampuni tumepokea tena barua za aina moja kutoka Dodoma, Kongwa na Singida. Wakurugenzi wanaandika kwamba mwanahisa fulani "ameondolewa" kwa kuwa hakumalizia kulipia hisa zake, na wanaomba jina lake lifutwe. Tukiomba kumbukumbu za kikao na notisi aliyopewa, tunaletewa picha ya ujumbe uliotumwa kwenye kundi la wasapu. Ujumbe huo hautoshi, na kuuchapisha na kuupiga mhuri hakuubadilishi.

Sheria ya Makampuni, Sura ya 212, inaruhusu hisa kutolewa kabla ya kulipiwa zote. Mwenye hisa hizo ni mwanahisa kamili tangu jina lake lilipoingia kwenye daftari la wanachama, na kiasi kilichobaki ni deni lake kwa kampuni. Wapo wanaodhani kwamba aliyelipa nusu ya bei anamiliki nusu ya hisa. Hapana. Aliyepewa hisa 200 anazo 200, na anadaiwa kwa kila moja. Vilevile Msajili hamnyang'anyi mtu hisa. Kazi hiyo ni ya wakurugenzi, na wanaweza kuifanya pale tu katiba ya kampuni inapowapa mamlaka hayo na kwa njia iliyowekwa humo. Kama katiba yenu haina kifungu cha kutwaa hisa, mlango mlio nao ni kumdai mwenzenu mahakamani kama mdaiwa mwingine yeyote.

Tuchukue mfano wa kampuni ya kukamua alizeti pale Kibaigwa. Ina hisa 1,000 za Sh 50,000 kila moja. Wakati wa kugawana, kila mwanahisa alilipa Sh 20,000 kwa hisa, zikabaki Sh 30,000. Mwanahisa mmoja ana hisa 200, kwa hiyo ameshatoa Sh 4,000,000. Tarehe 1 Aprili bodi inakaa na kuamua kuita Sh 15,000 kwa kila hisa ili kununua mashine ya kuchuja mafuta, mwisho wa kulipa ukiwa tarehe 30 Aprili. Huo ndio wito wa malipo. Unatolewa kwa uamuzi wa bodi ulioandikwa kwenye muhtasari wa kikao. Mkurugenzi mmoja kumpigia simu mwenzake si wito. Unawahusu wanahisa wote wa hisa za aina hiyo kwa usawa, wakurugenzi wenyewe wakiwemo. Bodi inayowaita wengine huku ikijisamehe yenyewe inajitafutia kesi.

Katiba nyingi tunazozipokea hutaka mwanahisa apewe siku 14 kamili baada ya kupata barua ya wito, yenye kiasi, mahali na tarehe ya kulipa. "Kamili" maana yake siku ya kupokea barua haihesabiwi, na siku ya malipo nayo haihesabiwi. Mwanahisa wetu mwenye hisa 200 sasa anadaiwa Sh 3,000,000. Tarehe 30 Aprili inapita bila malipo. Bado hajapoteza chochote.

Sasa inakuja notisi ya pili, na hapa ndipo makampuni mengi yanapoangukia. Notisi hii inapaswa kutaja kiasi kinachodaiwa pamoja na riba, siku ya mwisho ya kulipa (nayo kwa kawaida siku 14 kamili mbele), mahali pa kulipia, na kusema wazi kwamba asipolipa hisa zake zinaweza kutwaliwa. Wakurugenzi husahau sentensi hiyo ya mwisho kwa kuona aibu kumtishia ndugu au rafiki. Bila sentensi hiyo mliyompa ni barua ya kumkumbusha tu.

Halafu ipo hesabu ya riba. Tuseme katiba ya kampuni hii inaruhusu asilimia 10 kwa mwaka, kuanzia siku iliyowekwa kulipa. Notisi inampa hadi tarehe 12 Julai. Kutoka 30 Aprili hadi 12 Julai ni siku 73, yaani riba ya Sh 60,000, na jumla ni Sh 3,060,000. Mhasibu akianza kuhesabu tangu siku ya kikao, tarehe 1 Aprili, anaongeza siku 29 na riba inapanda hadi karibu Sh 83,800. Tofauti ni kama Sh 23,800, na watu huiona ndogo. Mahakama haziioni hivyo. Mwaka 1877, katika shauri la Johnson dhidi ya kampuni ya Lyttle's Iron Agency, mahakama ya Uingereza ilibatilisha utwaaji wa hisa kwa kosa la namna hiyo hiyo: notisi ilidai riba kuanzia tarehe ambayo siyo. Msingi wake ni kwamba kumnyang'anya mtu mali bila fidia ni adhabu nzito, hivyo anayeitoa afuate kila hatua bila kupunguza wala kuongeza.

Tarehe 12 Julai ikipita, hisa bado ni zake. Notisi haitwai hisa. Uamuzi wa bodi ndio unaozitwaa. Katiba za kawaida huruhusu uamuzi huo ufanywe kabla malipo yaliyodaiwa hayajafanyika. Kwa hiyo bodi ikipanga kukaa tarehe 15 Julai, na mwanahisa akaleta fedha zote pamoja na riba tarehe 14, pokeeni na mpeni risiti. Kuzikataa ili mpate hisa zake ni nia mbaya, nasi tunaiona ikijitokeza pale ambapo kampuni imeanza kupata faida.

Asipolipa na bodi ikaamua, anapoteza hisa 200 pamoja na gawio lililotangazwa juu yake ambalo halijalipwa. Sh 4,000,000 alizotoa hazirudi. Wengi hushtuka wakisikia kwamba, chini ya katiba za kawaida, zile Sh 3,000,000 za wito na riba yake bado anadaiwa mpaka kampuni ilipwe kikamilifu. Sh 15,000 nyingine kwa hisa, ambazo hazikuwa zimeitwa, zinamfuata atakayezichukua hisa hizo baadaye. Bodi inaweza kuziuza hisa, kumpa mtu mwingine, au kabla ya hapo kufuta utwaaji kwa masharti. Mnunuzi aulize kwa maandishi ni kiasi gani kimelipwa na kipi kimebaki, na adai tamko la kiapo la mkurugenzi au katibu wa kampuni linalotaja tarehe ya utwaaji.

Baada ya hapo ndipo daftari la wanachama linarekebishwa na taarifa kuletwa kwetu. Ambatisheni muhtasari wa kikao cha wito, notisi zote mbili zikiwa na uthibitisho wa kupokelewa, na muhtasari wa uamuzi wa kutwaa. Maelezo haya hayachukui nafasi ya katiba ya kampuni yako. Isome kwanza, kwa kuwa siku na viwango vya riba vinaweza kutofautiana.

Nawe uliyeondolewa bila notisi, usiishie kwenye kaunta yetu ukitaka tumwite mwenzako. Hatuna mamlaka ya kuamua nani kati yenu anasema kweli kuhusu barua ambayo mmoja anadai aliituma. Mahakama inaweza kuamuru daftari lirekebishwe na jina lako lirudishwe. Wahi kabla hisa hazijauzwa kwa mtu wa tatu aliyenunua kwa nia njema, kwa sababu kumtoa huyo ni kazi ngumu zaidi, na mara nyingi utabaki na madai ya fidia tu dhidi ya kampuni.