Kwa nini barua ya kumwachisha mtu kazi haimwiti "mwizi"?

"Keshia wangu ameiba, ushahidi ninao. Kwa nini naambiwa nisiandike 'mwizi' kwenye barua ya kumwachisha kazi? Na huyu mwingine ninayemwachisha kwa sababu kazi imepungua, naye nimwandikie kikavu hivyo hivyo?" Anauliza mwenye mashine ya kukamua alizeti, Kibaigwa.

Barua hiyo ina msomaji mwingine zaidi ya keshia. Mfanyakazi anayeona ameonewa ana siku 30 za kupeleka lalamiko lake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile ambayo wengi tunaiita CMA. Akifika huko, barua yako ndiyo karatasi ya kwanza atakayoitoa kwenye bahasha. Na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeutua mzigo mabegani mwa mwajiri: wewe ndiye unayetakiwa kuonyesha kwamba sababu ilikuwa halali na utaratibu ulifuatwa. Kwa hiyo kila neno uliloliandika ni neno utakaloombwa ulithibitishe.

Tuchukue jambo lenyewe. Tuseme siku ya mauzo ya mashudu, stakabadhi zinaonyesha keshia alipokea shilingi 2,150,000. Kilichoingia benki ni shilingi 1,510,000. Zimepungua 640,000, naye kwenye kikao cha nidhamu hakutoa maelezo ya kueleweka. Mwajiri mwenye hasira anaandika hivi:

"Umekuwa ukituibia kila siku bila aibu. Tulikuchukua kama mtoto wetu, ukatulipa kwa wizi. Tumechoshwa nawe, hufai kufanya kazi popote."

Hebu tuisome kwa jicho la wakili wake. "Kila siku": zipo siku ngapi zenye ushahidi? Moja. "Wizi": ni kosa la jinai, na hakuna mahakama iliyomtia hatiani. Ulichokithibitisha ni pungufu la fedha zilizokuwa mikononi mwake, na hilo peke yake lingeweza kutosha. Ukishaandika "wizi", umejipandishia kizingiti mwenyewe, maana sasa utaulizwa kuhusu nia yake, si kuhusu hesabu tu. "Tumechoshwa nawe" ndiyo mbaya kuliko zote, ingawa inaonekana ndogo. Inaonyesha kwamba uamuzi ulishafanywa moyoni kabla ya kikao, na kikao kilikuwa geresha. "Hufai kufanya kazi popote" haihusiani kabisa na mkataba wenu.

Sasa toleo linalosimama:

"Husika na kichwa cha habari hapo juu. Tarehe 14 Agosti ulipokea shilingi 2,150,000 za mauzo ya mashudu kwa stakabadhi ulizosaini. Fedha ulizopeleka benki siku hiyo ni shilingi 1,510,000. Katika kikao cha nidhamu cha tarehe 28 Agosti ulisikilizwa, ukiwa na mwenzako uliyemchagua, na hukutoa maelezo kuhusu shilingi 640,000 zilizopungua. Kikao kilikukuta na kosa la kushindwa kuwasilisha fedha za mwajiri kama ulivyoshtakiwa. Kwa sababu hiyo ajira yako inasitishwa kuanzia tarehe 2 Septemba."

Hakuna tusi hata moja, na bado ni barua nzito kuliko ile ya kwanza. Jina la kosa ni lile lile lililokuwa kwenye hati ya mashtaka ya nidhamu. Kama hati ilisema "kukosa uaminifu", andika kukosa uaminifu. Ukimshtaki kwa hili ukamfukuza kwa lile, umeibomoa kesi yako mwenyewe hata kama kila neno lina adabu.

Kuhusu kashfa, watu wengi hudhani neno kali ndilo linalozaa kesi. Kesi huzaliwa neno hilo linapomfikia mtu wa tatu. Barua iliyofungwa akapewa mhusika peke yake ni ya ninyi wawili. Iangalie basi ile sehemu ya chini, "Nakala kwa". Mhasibu anayekokotoa malipo ya mwisho ana haja nayo. Wateja wa mafuta hawana, na wala kundi la WhatsApp la wafanyakazi. Ukitaka wateja wajue, tangazo la "Fulani si mfanyakazi wetu tena, hana mamlaka ya kupokea fedha kwa niaba yetu" linatosha. Kweli, aliyesema ukweli ana kinga, lakini ni wewe utakayesimama kuuthibitisha.

Tuje kwa yule wa pili. Tuseme ni mama aliyekuwa akijaza mafuta kwenye madumu kwa miaka 4, na sasa umenunua mashine ya kujazia. Hana kosa. Akiandikiwa ile barua ya keshia kwa kubadilisha jina tu, majirani watakaoiona watamdhania mkosaji. Hapa sauti inatakiwa ilegee, ila mifupa ya barua ibaki: sababu, tarehe, malipo. Kwa mwenye mshahara wa mwezi notisi ni siku zisizopungua 28, iwe kwa maandishi na itaje sababu. Kiinua mgongo cha kisheria ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, kisichozidi miaka 10, kwa hiyo yeye ana siku 28 juu ya likizo na stahiki nyingine. Na kabla ya barua lazima mmeshakaa naye mkashauriana kuhusu upunguzaji huo. Barua ya upendo iliyokuja kama radi haiponyi kasoro hiyo.

Kwenye barua ya keshia, mtendaji ni yeye: ulipokea, hukuwasilisha. Kwenye hii, mtendaji ni kiwanda: "Tumefunga mashine ya kujazia mafuta, na nafasi yako haitakuwepo tena baada ya tarehe 30. Uamuzi huu hautokani na kosa lolote lako." Sentensi hiyo ya pili ndiyo zawadi kubwa utakayompa, maana ataionyesha anakoomba kazi nyingine. Shukrani nayo iguse kitu kinachojulikana, kwa mfano kwamba ndiye aliyewafundisha wapya kupima madumu. "Kwa masikitiko makubwa" naikubali hapa. Kwa keshia ingesomeka kama unafiki.

Joto nalo lina mipaka yake. "Msimu ujao tutakuita" ni ahadi, na asipoitwa atakuja nayo. Pia kuna waajiri wanaomwachisha mtu kwa utendaji duni, kisha kwa huruma wanaandika "umekuwa mfanyakazi bora". Sentensi hiyo itasomwa kwa sauti pale CMA, na si wewe utakayeisoma.

Wakati wa kukabidhi, toa nakala mbili, moja asaini mpokeaji na kuibakiza kwako. Akikataa, shahidi aandike "Amepewa barua tarehe fulani, amekataa kusaini" na kuweka jina lake. Asiandike "amekaidi". Na huyo shahidi anahitaji kuona bahasha ikikabidhiwa tu, hana haja ya kusoma kilichomo.