Sio kila kipele cha baada ya kutoa nywele miguuni ni aleji

Ukikaa saluni nusu saa tu utasikia mtu anasema mi krimu nina aleji nayo, mwingine waksi ana aleji nayo, wa tatu hata wembe anauita aleji, na ukiwauliza ilikuwaje kila mmoja anakuelezea kitu tofauti kabisa. Aleji ni pale kinga ya mwili inapokikataa kitu fulani, basi. Ngozi kuungua sio aleji, na nywele kuota kwa ndani sio aleji, na ukivichanganya hivi vitatu unaishia kuacha njia inayokufaa na kulipia inayokuumiza.

Tuanze na krimu maana ndo inasingiziwa zaidi. Kinachoyeyusha nywele mle ndani ni chumvi za thioglikoleti kwenye alkali kali, zinakata viungo vya keratini, ile protini inayojenga nywele, mpaka nywele inalegea kama uzi uliolowa, na ule mnuko unaousikia unatokana na salfa. Sasa shida ni kwamba ngozi yako ya juu nayo ni keratini, kwa hiyo krimu ikikaa sana inahamia kwenye ngozi. Kuna dada namfahamu alipaka miguu yote miwili wakati tyubu imeandikwa isizidi dakika 10, yeye akaendelea na simu mpaka 20 zikapita, nyuma ya goti ambako ngozi ni laini kukaanza kuchoma palepale, alipoifuta pamebabuka pekundu na mpaka wa wekundu ukafuata kabisa alipoishia kupaka. Akasema ana aleji. Hapana, ile ni kuungua, na angeacha kwenye muda wake, asingepaka penye mchubuko wala siku aliyonyoa, kuna uwezekano mkubwa isingemfanya kitu.

Aleji yenyewe ina tabia yake. Haina haraka, mara nyingi inakuja baada ya siku moja au mbili, inawasha kuliko kuuma, inatoa vipele vidogo au malengelenge na inaweza kuvuka mpaka wa pale ulipopaka. Tena unaweza kutumia kitu miaka na miaka kikakukubali halafu siku moja mwili ukakikataa, na kuanzia hapo hata kidogo kinatosha kukuwasha. Kwenye krimu mara nyingi mchokozi ni manukato, kwenye waksi ni ile gundi ya msonobari, ambayo iko pia kwenye baadhi ya plasta za kidonda. Ndo maana ukijaribu krimu kwenye kipande kidogo cha mguu usiridhike baada ya dakika 10, subiri mpaka kesho, na ukiweza kesho kutwa.

Halafu kuna vile vipele vya wembe, hivi ndo vya wengi wetu wenye nywele za kujikunja. Nywele imekatwa kwa ncha kali, inapoota inajipinda na kurudi kuchoma ngozi, ukiangalia kwa karibu utaona kila kipele kina nywele katikati. Waksi nayo inavileta, ila kwa kuchelewa, wiki moja au mbili baadaye nywele inapotafuta njia ya kutokea. Hapo kubadilisha wembe mpya, kulowesha mguu kwa maji ya vuguvugu na kunyoa kufuata nywele zinakolalia kunasaidia kuliko dawa yoyote ya aleji. Na kama unapaka tretinoini, ile dawa ya chunusi, au dawa nyingine za jamii hiyo kwenye miguu usiguse waksi, inaondoka na ngozi, na hiyo pia watu wanaiita aleji!

Kwenye gharama usiangalie bei ya mara moja, angalia mwaka. Ukinyoa mara mbili kwa wiki ni mara 104, wembe mmoja ukikutosha mara 6 hivi unahitaji kama 17. Krimu kila wiki, na tyubu ya kawaida miguu miwili inaimaliza mara moja au mbili, ni tyubu 26 mpaka 52, hiyo ndo inayokula hela kimyakimya. Waksi kila wiki 5 ni mara 10 au 11, saluni ni ghali lakini ya sukari, ndimu na maji ukipika nyumbani inashuka sana, na kwa kawaida haina ile gundi ya msonobari. Zidisha kwa bei za kwenu utaona.

Kwa hiyo dada, ikichoma palepale sema krimu imekuunguza, ukiona nywele ndani ya kipele sema imeota kwa ndani, aleji iachie ule muwasho wa kesho kutwa. Na kabla hujalala kwenye kitanda cha waksi mwambie anayekuhudumia kama plasta huwa zinakuwasha.