Jina Linalotokea Kabla ya Namba ya Siri

Mkulima wa Tandahimba amelipwa fedha za korosho. Mpwa wake amemtumia kiungo cha ukurasa wa michango wa kikundi kinachotaka kuweka tanki la maji ya mvua kwenye shule ya sekondari aliyosoma, huko Newala. Anasoma, anaguswa, anaamua kutoa shilingi 20,000. Anaingiza namba iliyoandikwa pale, anaweka kiasi, na simu inamwonyesha jina la mpokeaji kabla hajaweka namba ya siri. Jina ni la mtu binafsi asiyemjua. Anafuta, anarudisha simu mfukoni. Kikundi hakitajua kamwe kwamba kilikuwa karibu kupata mchango wake.

Katika kazi yangu ya maendeleo ya jamii hapa Mtwara nasaidia vikundi na mashirika madogo kujisajili na kutunza hesabu zao. Wengi wakija kuniuliza kuhusu ukurasa wa michango huanza na picha, rangi na maneno ya kugusa moyo. Mimi huanza na jina lile. Mchangiaji aliye Dar es Salaam au Masasi hawezi kufika ofisini kwenu kuangalia cheti. Anachoweza kuthibitisha peke yake, akiwa amekaa alipo, ni kama jina lililo kwenye ukurasa ndilo hilohilo lililo kwenye simu yake.

Laini ya simu husajiliwa kwa kitambulisho cha taifa na alama za vidole, kwa hiyo ni ya mtu mmoja tu. Hata kikundi kizima kikikubaliana kwenye kikao kwamba laini ya mweka hazina itumike, fedha zinazoingia humo zinahesabika ni zake. Kikundi kimoja nilichokilea kilikusanya michango kwa njia hiyo kwa miezi kadhaa. Mweka hazina alikuwa mwaminifu, hakuna aliyewahi kumlalamikia. Siku alipofariki ghafla, fedha zilikuwa bado kwenye laini yake, na namba ya siri alikuwa nayo yeye peke yake. Zikaingia kwenye mirathi. Wanakikundi walikaa mezani na wafiwa, muhtasari wa kikao mkononi, kuwaeleza watu waliokuwa bado na machozi kwamba sehemu ya fedha za marehemu haikuwa yake. Sitamani kuona kikao kama kile tena.

Njia sahihi ni ndefu kidogo lakini inafanyika. Shirika lililosajiliwa kwa Msajili wa Mashirika Yasiyo ya Kiserikali, au kikundi kilichosajiliwa na halmashauri, hufungua akaunti ya benki kwa jina lake. Benki itataka cheti cha usajili, katiba, muhtasari wa kikao kilichoamua kufungua akaunti na kuteua waweka saini, pamoja na vitambulisho vya waweka saini hao. Wawe watatu, na fedha zisitoke bila saini za wawili. Wasiwe wa nyumba moja. Baada ya hapo mnaomba Lipa Namba kwa jina la kikundi. Hapo mara nyingi mtahitaji pia namba ya mlipa kodi. Fedha za Lipa Namba mzihamishie kwenye akaunti ya benki kwa utaratibu mliouandika, kwa mfano kila Ijumaa, na zisitumike kwa lolote kabla hazijafika benki.

Kabla ya kutangaza ukurasa, tumeni shilingi 1,000 kutoka kila mtandao wanaoutumia wachangiaji wenu: M-Pesa, Airtel Money, Mixx, HaloPesa. Mtu mmoja asome kwa sauti jina linalotokea, mwingine aandike herufi kwa herufi. Majina marefu hukatwa. Kikundi kinachojiita kwa maneno matano kinaweza kuonekana kwa matatu, tena kwa herufi kubwa, na mchangiaji akadhani amekosea namba. Kwa hiyo juu kabisa ya ukurasa, chini ya namba, wekeni sentensi moja: “Kabla ya kuweka namba ya siri utaona jina hili,” kisha jina lenyewe kama linavyosomeka kwenye skrini. “Ukiona jina lingine, usitume. Tupigie.”

Sentensi hiyo ina kazi ya pili. Mtu akinakili ukurasa wenu, picha zote na maneno yote, akabadilisha namba tu na kuusambaza kwenye magrupu ya WhatsApp, jina litamuumbua. Akibadilisha na sentensi yenyewe aweke jina lake, wanaowafahamu watashtuka. Nimeona vikundi vikipoteza muda mwingi kuandika jina lao juu ya kila picha, na ulinzi huu wa sentensi moja hawana.

Sasa tufike kwenye maelezo ya mchango. Msiandike “tunasaidia elimu”. Andikeni kitu kimoja, na bei yake ionekane imevunjwavunjwa. Nitatumia tanki lile la Newala kama mfano, kwa makadirio niliyoyaweka mimi. Ninyi mtaweka bei za dukani kwenu. Tanki la lita 5,000, shilingi 1,050,000. Matofali, saruji na mchanga wa msingi, 420,000. Mifereji ya bati na mabomba, 380,000. Gari kutoka Mtwara mjini, 120,000. Fundi, 200,000. Makato ya benki na simu, 50,000. Jumla 2,220,000. Piga picha ya profoma ya duka la matanki uiweke hapo chini.

Kuna watu huogopa kuandika makato na usafiri, wakidhani wachangiaji watasema fedha zinaliwa njiani. Kwa uzoefu wangu ni kinyume chake. Mtu wa Newala anajua kabisa kwamba tanki halipandi uwanda wa Makonde lenyewe. Asipoona usafiri kwenye hesabu, anajiuliza umefichwa wapi.

Chini ya jumla wekeni maneno mawili ambayo kurasa nyingi hazina: fedha zikizidi mtafanya nini, na zikipungua mtafanya nini. “Zikizidi, zitanunua bomba la kunawia mikono katika shule hiyohiyo. Zisipotimia kufikia tarehe 31 Desemba, tutajenga msingi na kufunga mifereji, na tutatangaza upya mchango wa tanki.” Aliyetoa kwa ajili ya tanki ametoa kwa ajili ya tanki. Mkitaka kulipia pango la ofisi, ombeni fedha za pango kwa jina lake, kwenye sehemu yake. Kuchota kwenye fungu la tanki “kwa muda” ndiko kulikoviharibia jina vikundi vingi ninavyovijua, hata pale fedha ziliporudishwa.

Majira nayo mwayaangalie. Huku kwetu fedha nyingi huonekana kuanzia Oktoba, minada ya korosho inapofunguliwa, na mvua huanza karibu na mwisho wa mwaka. Ukurasa ukitangazwa Desemba, tanki litafika mvua zikiwa zimekolea. Tangazeni Agosti kwa ndugu walio mijini wenye mshahara wa kila mwezi, jengeni msingi kwa fedha zao, ili fedha za korosho zikiingia zikute kazi imeanza na kuna picha ya kuonyesha. Picha za wanafunzi ziwe kwa ridhaa ya wazazi, na msiambatanishe jina la mtoto na shida ya kwao. Msingi unaojengwa, fundi akiwa na pima maji mkononi, unatosha kuonyesha kazi.

Mchango ukishaingia, mpokeeni mtoaji kwa ujumbe siku hiyohiyo: “Shikamoo mzee wetu. Tumepokea shilingi 20,000 za tanki la maji, muamala unaoishia 7KQ. Jumla mpaka leo ni 1,460,000 kati ya 2,220,000. Ahsante sana.” Ujumbe huo una kiasi, kusudi na alama ya muamala, na hiyo ndiyo risiti yake.

Kwenye ukurasa, orodhesheni michango kwa tarehe, kiasi na herufi tatu za mwisho za muamala. Mtoaji atajitafuta na kujiona, na hakuna atakayejua ni nani alitoa 5,000 na nani 200,000. Tabia ya kubandika kwenye grupu orodha ya majina na namba za simu za watoaji iachwe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeanza kutumika tangu Mei 2023, na namba ya simu ya mtu ni taarifa binafsi. Isitoshe, orodha hiyo ni zawadi kwa matapeli: inawaonyesha nani anatoa fedha na wampigie wapi.

Kila Ijumaa, mweka hazina na mwanakikundi mwingine asiyeshika fedha wakae walinganishe ukurasa na taarifa ya benki. Chukulia wiki hii ukurasa unaonyesha 2,157,000: zilizopitia Lipa Namba 1,612,000, zilizowekwa benki moja kwa moja 450,000, na taslimu 95,000. Taarifa ya benki inaonyesha 2,131,000. Pengo ni 26,000. Msishtuke, wala msipuuze. Tafuteni. Makato ya kuhamisha fedha kutoka Lipa Namba kwenda benki ni 6,000. Zinabaki 20,000. Daftari la taslimu linaonyesha watu sita walioleta mkononi, lakini stakabadhi ya kuweka benki ni ya 75,000. Michango ya wawili wa mwisho, 10,000 kila mmoja, iko bado kwenye bahasha ya katibu. Inawekwa Jumatatu asubuhi, na pengo linaandikwa kwenye ukurasa pamoja na sababu yake.

Taslimu ndiyo inayosumbua kuliko zote. Mama analeta 5,000 akitoka sokoni, katibu anaipokea, jioni fundi anadai nauli, na ile 5,000 inamlipa fundi. Hakuna aliyeiba, lakini mchango haukuingia benki na nauli haikutoka benki, kwa hiyo hakuna karatasi inayoweza kuthibitisha lolote kati ya hayo mawili. Pokeeni taslimu kwa kitabu cha stakabadhi chenye nakala, na iende benki nzima, hata kama kesho yake mtaitoa.

Pengo likikataa kuelezeka wiki mbili mfululizo, simamisheni matumizi na muwaite waweka saini wote watatu. Kwa kawaida dalili huwa zimeshaonekana: mwenye simu ya Lipa Namba hataki mwingine aione, taarifa ya benki inaletwa kwa maneno badala ya karatasi, au ukurasa haujabadilika kwa mwezi mzima wakati watu wanasema wametuma.

Tanki likishawekwa, ongezeni picha yake likiwa kwenye msingi, risiti ya duka, na hesabu ya mwisho ikilinganishwa na makadirio, hata pale mlipokosea. Saruji ikipanda bei, semeni ilipanda kwa kiasi gani. Kisha ondoeni Lipa Namba kwenye ukurasa huo na muandike kwamba mchango umefungwa, pamoja na tarehe. Kiungo kitaendelea kuzunguka kwenye magrupu kwa miezi, na atakayekifungua Machi asitume fedha kwa tanki ambalo tayari limejaa maji.