Fomu kukataa IBAN haimaanishi akaunti haipo (na ikikubali usishangilie)

Naandika hii kwa sababu nimechoka kusikia "akaunti ya Ujerumani imegoma". Nipo dawati la TT za nje, yaani hela zinazotumwa nje ya nchi kupitia benki, hapa Dar, na ukifika msimu wa wanafunzi kutuma hela za blokd akaunti, ile akaunti ya Ujerumani inayofungiwa hela ya matumizi ya mwanafunzi, kwa ajili ya viza (sasa hivi ni yuro 11,904 kwa mwaka mmoja, sio hela ya mchezo) kila siku kuna mtu ananijia na sura ya msiba anasema fomu imeandika IBAN, ile namba ndefu ya akaunti ya kimataifa, si sahihi, kwa hiyo akaunti imefungwa, au ametapeliwa, au sisi tumeizuia. Wengine wanapiga simu Ujerumani kabisa kuuliza. Jamani.

Ukijaza IBAN kwenye fomu na ikakataliwa palepale, hakuna mtu aliyeulizwa kitu Ujerumani. Hakuna ujumbe uliotoka, hakuna senti iliyoondoka. Kilichofanyika ni hesabu, na hesabu imefanyika hapahapa, mara nyingi ndani ya simu yako mwenyewe. Fomu inahesabu herufi ngapi zipo, halafu inagawanya kwa 97. Basi. Ni kama mlinzi wa geti anayeangalia kama umevaa sare, hajui unaitwa nani wala kama shuleni una jina.

Urefu nitaupita haraka maana hauna maneno. Ujerumani ni 22, Emirati 23, Ufaransa 27, Norway 15, kila nchi na wake na haubadiliki. Ukipata 21 umeruka kitu, ukipata 23 umerudia kitu. Kinachowachanganya watu ni nafasi. IBAN kwenye karatasi inaandikwa kwa mafungu ya nne nne, kwa hiyo ya Mjerumani yenye herufi 22 ina na nafasi tano katikati, jumla 27. Sasa kuna fomu imewekwa isipokee zaidi ya 22, unapesti, yenyewe inahesabu na nafasi, inakata mkia kimyakimya, halafu inaondoa nafasi, inabaki na 18, inakuambia urefu sio sahihi. Wewe unaangalia karatasi yako unaona iko sawa kabisa, na ni kweli iko sawa. Dawa ni kuangalia mwisho wa kile kisanduku, kama tarakimu za mwisho hazipo basi ndio hivyo, futa uandike bila nafasi. Na kama umekopi kutoka Wasapu au PDF kuna nafasi nyingine hazionekani kwa macho, futa yote andika kwa mkono, ni tarakimu ishirini tu hutakufa.

Cheki dijiti ndio penye mambo. Ni zile tarakimu mbili baada ya herufi za nchi. Tuchukue IBAN ya mfano ambayo waandishi wa programu wanaitumia sana kwenye maelezo yao (msiitumie hela tafadhali). Unachukua herufi nne za mbele unazipeleka nyuma, halafu herufi unazigeuza namba, A ni 10, B ni 11, hivyo hivyo, kwa hiyo D ni 13 na E ni 14:

```
DE89 3704 0044 0532 0130 00
370400440532013000 1314 89
```

Hiyo ya chini isome kama namba moja ndefu, igawanye kwa 97, angalia kinachobaki. Kikibaki 1 imepita. Kikibaki kingine chochote imekataliwa. Kikokotoo cha kawaida cha simu kitashindwa namba ndefu hivyo, ila mwenye Python anaandika mstari mmoja:

```
int("370400440532013000131489") % 97
```

Inatoa 1. Sasa chukua lile kosa ninaloliona kuliko yote, vidole vimekimbia, 0532 imekuwa 0352. Rudia hesabu, kinabaki 22. Fomu inakataa. Na hapa 97 imechaguliwa na mtu mwenye akili, kwa sababu ni namba tasa na ni kubwa kuliko tasa zote za tarakimu mbili. Ukikosea tarakimu moja tu, popote pale, lazima ikukamate. Ukipindua mbili zinazofuatana, lazima ikukamate pia. Hiyo sio bahati, ni hesabu haiwezi kutoka vingine. Herufi O badala ya sifuri inakamatwa vilevile, maana kwa Mjerumani baada ya DE hakuna herufi hata moja, na hata fomu ikiwa mvivu haiangalii hilo, O itageuzwa 24 na karibu kila mara hesabu itaharibika.

Kwa hiyo fomu ikikataa, ujumbe wake kwa Kiswahili cha kawaida ni "umeandika vibaya, au uliyempa kazi ya kukutumia ameandika vibaya". Haisemi wapi. Haiwezi kusema wapi, maana 22 iliyobaki inaweza kuwa imetokana na makosa tofauti chungu nzima. Watu wananiuliza "sasa si iniambie tarakimu gani", haijui!

Sasa kinachonipandisha presha, na ndio hasa nimekaa kuandika, ni vile vikokotoo vya IBAN mtandaoni. Kijana fomu imemkataa. Anaingia gugo, anakuta tovuti inasema weka nchi, namba ya benki na namba ya akaunti tukutengenezee IBAN. Anaweka namba ya benki 37040044, anaweka akaunti 0352013000, ileile yenye kosa. Tovuti inampa hii:

```
DE68 3704 0044 0352 0130 00
```

Anarudi kwenye fomu, inapita, anakuja kaunta anacheka, "dada ilikuwa ni DE68 sio DE89, wale walikosea". Hawakukosea!! Wewe ndio umekosea akaunti, halafu umeenda kutafuta cheki dijiti mpya inayolifaa kosa lako. Zile tarakimu mbili ndio zilikuwa zinapiga kelele kwamba kuna kitu hakiko sawa, umezinyamazisha, na sasa fomu yetu haina tena sababu yoyote ya kukukatalia. Cheki dijiti zinatoka kwa mwenye akaunti pamoja na namba yake, ni zile tu zina thamani kwa sababu zilihesabiwa wakati namba ikiwa sahihi. Ukizihesabu upya mwenyewe kutoka kwenye namba usiyo na uhakika nayo, umehakiki kwamba unajua kugawanya, hujahakiki kitu kingine. Kikokotoo kinachoangalia tu kama IBAN ni sawa au la sina ugomvi nacho, kinakupa jibu lilelile la fomu. Ninachokataa ni kinachotengeneza.

Na hata bila kuchezea, kupita sio ushahidi. Ile ya mfano ongezea 97 kwenye akaunti, 0532013000 inakuwa 0532013097, cheki dijiti acha 89 vilevile. Inapita. Bila shaka inapita, umeongeza namba inayogawanyika kwa 97, kinachobaki ni kilekile. Vitabu vinasema kosa la kubahatisha lina nafasi kama moja kwa mia ya kupenya, na kihesabu ni kweli, ila mimi binafsi hiyo asilimia siiamini sana kwenye kazi yangu, kwa sababu watu hawakosei kwa kubahatisha. Mtu anakopi IBAN ya rafiki yake aliyetuma mwaka jana kwa kampuni ileile ya blokd akaunti, akidhani kampuni ina akaunti moja, kumbe pale kila mwanafunzi amepewa yake. Hiyo IBAN ni sahihi asilimia mia, ni ya mtu mwingine tu. Hakuna 97 itakayokusaidia hapo.

"Lakini jina si watalinganisha." Hapa ndio kila mtu ana uhakika na wengi wamekosea. Kwa utaratibu wa malipo wa Umoja wa Ulaya benki inayopokea inaruhusiwa kufuata IBAN peke yake, na ikifanya hivyo imetimiza wajibu wake hata jina likiwa la mtu mwingine. Tangu tarehe 9 Oktoba 2025 benki za kanda ya yuro zinatakiwa zimwambie mtumaji kama jina na IBAN vinaendana kabla hajatuma, ni jambo zuri sana, lakini ni kwa uhamisho wa yuro wa huko kwao. TT yako ya kutoka Dar haipitii hapo. Kuna benki itaona jina haliendani na kurudisha, kuna nyingine itaweka tu. Siwezi kukuahidi, na mwenzangu akikuahidi usimwamini.

Kitu kimoja tunachostahili lawama sisi wenyewe, fomu nyingi zinatoa ujumbe mmoja, "IBAN si sahihi", kwa urefu na kwa cheki dijiti. Mteja hajui ahesabu au alinganishe. Nimebishana na watu wa mifumo tuvitenganishe. Wao wanasema tukieleza sana ndio watu watazidi kuchezea tarakimu hadi ipite, na nikikumbuka DE68 sina jibu zuri la kuwapa.

Kwa upande wa pili nitasema kidogo tu, maana nako kuna vituko. Ndugu yuko Hamburg anatuma nyumbani, fomu inamdai IBAN ya Tanzania. Tanzania haitumii IBAN, Kenya pia haitumii. Asitengeneze ya TZ wala KE, atafute sehemu ya malipo ya nje ya Ulaya, aweke namba ya akaunti kama ilivyo na msimbo wa SWIFT. Na "kama ilivyo" ni pamoja na sifuri za mbele. Ukiipitisha kwenye Excel itazila, na wewe usiongeze sifuri ili tu urefu ukae sawa.

Fomu ikikataa, fungua ile PDF au ukurasa wa kampuni yenyewe ulikoipata akaunti, sio meseji aliyokuandikia mjomba, ulinganishe fungu kwa fungu ukianzia na zile mbili baada ya DE. Zikitofautiana popote, karatasi ndio inashinda. Ikiwa karatasi yenyewe haipiti hata baada ya kuandika kwa mkono bila nafasi, hapo mwandikie aliyeitoa akutumie upya, usitume kitu.

Kama umeshatuma kwa ya kutengeneza, njoo siku hiyohiyo tujaribu kuirudisha, na omba UETR, ni namba ya kufuatilia malipo yenye herufi 36 pamoja na vistari. Bahati ikiwa nzuri akaunti haipo kabisa na malipo yanarudi na msimbo wa sababu AC01. Yanarudi yamekatwa makato ya benki za njiani, na kama ulitoa kwenye akaunti ya shilingi yanabadilishwa kwa reti ya siku yanayorudi, sio ya siku uliyotuma. Utakuta hazifiki tena 11,904, itabidi uongezee.