Afisa manunuzi hanunui wasifu wa kampuni yako

Fundi wa Mikindani anayetengeneza paleti, yale majukwaa ya mbao ya kupangia mizigo ghalani, kaniletea barua pepe niipitie kabla hajaituma kwa kampuni yenye ghala karibu na bandari ya Mtwara. Kichwa chake: "UTAMBULISHO WA KAMPUNI". Inaanza: "Sisi ni kampuni yenye weledi inayotoa huduma mbalimbali kwa viwango vya kimataifa." Imebeba kiambatisho kizito chenye picha ya mkurugenzi ndani ya suti. Mkurugenzi ni yeye mwenyewe, na hiyo suti sijawahi kumwona nayo.

Jamani. Nimekalia kiti cha manunuzi, na barua za namna hii nilikuwa nazifuta kabla chai haijapoa. Watu wanaamini ukimvutia afisa manunuzi atakupa kazi. Afisa manunuzi hana fedha zake. Anasubiri ombi kutoka idarani: msimamizi wa ghala aandike kwamba paleti zimevunjika, meneja wake asaini, ndipo karatasi itue mezani. Kabla ya hapo hata umwandikie utenzi, hana la kukufanyia.

Karatasi ikishatua, mambo yanageuka. Ghala linataka paleti juzi, na utaratibu wa kampuni nyingi unataka kotesheni tatu. Hapo anafungua barua pepe zake, anaandika "paleti" kwenye sehemu ya kutafuta. "Huduma mbalimbali" haitokei. Kwa hiyo barua yako unaiandikia siku usiyoijua, na kazi yake ya kwanza ni kupatikana siku hiyo. Taja bidhaa kwa jina ambalo ghala lenyewe linalitumia.

Tuliiandika upya hivi:

Kichwa: Matengenezo ya paleti za mbao 1200 x 1000, Mtwara mjini

"Ndugu Afisa Manunuzi,

Natengeneza paleti za mbao zilizovunjika, karakana ipo Mikindani. Nazichukua ghalani kwenu na kuzirudisha ndani ya siku tatu, hadi paleti 40 kwa mara moja. Kubadilisha mbao zisizozidi tatu ni shilingi 6,500 kwa paleti, usafiri ukiwemo. Bei hii ni hadi 30 Septemba.

Sitengenezi paleti za kusafirisha mzigo nje ya nchi zenye alama ya ISPM 15.

Nina TIN, leseni ya biashara na mashine ya EFD. Nakala nitazituma mkizihitaji. Kama kwa sasa hamna uhitaji, si lazima kunijibu.

Ahsante."

Aliyapinga sana yale maneno ya ISPM 15, kanuni ya kimataifa ya mbao za kufungashia mizigo. "Sasa kaka, kwa nini nimwambie nisichoweza?" Kwa sababu mbao za paleti za nje hupashwa moto hadi kiini kifike nyuzi 56 kwa dakika 30 mfululizo, ndipo zigongwe alama. Ukipachika ubao wako mbichi kwenye paleti yenye alama, alama ile inakuwa uongo, na mzigo unaweza kuzuiwa bandari ya ng'ambo. Afisa anayejua kazi yake akiona sentensi ile anajua anaongea na fundi, si dalali. Asiyejua, umemwepusha na balaa.

Kuhusu bei, sina uhakika kama ninavyojifanya. Ukiitaja, afisa anaweza kuitumia kumshushia bei fundi wake wa siku zote, nawe ukawa umemsaidia mwenzio kupunguziwa. Inatokea. Tena wakati mwingine unaitwa ili tu kotesheni zitimie tatu. Bado nasema itaje na uweke tarehe ya mwisho, kwani isiyo na bei inamlazimu akupigie, na siku ya haraka hupigia wachache.

Sasa linaloniudhi kuliko yote: sentensi ya mwisho ya barua ya kwanza. "Tukifanikiwa, tutaangaliana." Ndugu yangu, barua pepe ya kampuni si ya afisa peke yake, mkaguzi anaweza kuisoma. Ukishaandika hivyo, hata angetaka kukupa kazi kihalali, faili lako lina harufu. Anakufuta ili ajiokoe. Na usimpigie kila Jumatatu kuuliza kama ameiona. Ameiona.

Halmashauri na taasisi za serikali ni habari nyingine: huko jisajili NeST, mfumo wa manunuzi wa serikali mtandaoni, barua pepe haikupi zabuni.

Bei ikikaribia tarehe yake, mwandikie tena mara moja tu, ukijibu juu ya barua ileile ili zote mbili zitokee akitafuta: "Bei inabaki 6,500 hadi Desemba." Mstari mmoja. Suti iache kabatini.