Cheti cha BRS hakilindi jina la losheni yako

"Jina ni langu, eCitizen ilikubali." Wauza vipodozi wananiambia hivi hadi nimechoka, na wengi huja wakiwa tayari wamechapisha lebo.

Cheti cha BRS, yaani Huduma ya Usajili wa Biashara, kinaonyesha nani anafanya biashara kwa jina gani, basi. Hakikupi haki ya kumzuia mwingine kubandika jina hilo kwenye chupa yake, wala hakikukingi na aliyelisajili kama alama ya biashara KIPI, taasisi ya serikali inayosajili alama hizo.

Tuseme unauza losheni Dubois Road kwa jina Zurelia, na cheti unacho. Kumbe KIPI kuna Zorelya, iliyosajiliwa miaka 3 iliyopita katika kundi la 3, la vipodozi visivyo dawa. Utaniambia herufi ni tofauti. Lakini swali ni kama mnunuzi wa kawaida, anayekumbuka jina nusunusu na asiye na chupa zote mbili mbele yake, anaweza kuchanganya. Mwombe mtu ayaite majina hayo mawili kwenye kaunta yenye kelele. Yanaanza na kuisha karibu sawa, bidhaa ni za aina moja na zinakaa rafu moja. Mwenye Zorelya anaweza kukushtaki chini ya Sheria ya Alama za Biashara, Sura ya 506, na kusema hukujua hakutakuokoa. Ukiamriwa kuacha jina, lebo zote zinakuwa takataka.

Kwa hiyo, kabla ya kumlipa mchapishaji hata shilingi, omba KIPI upekuzi kwa fomu TM 27, kundi la 3. Kama losheni yako inadai kutibu ukurutu au chunusi, ongeza kundi la 5, la dawa. Kisha, na hapa huwa sikubali mjadala, zunguka maduka ya jumla na upekue kurasa za wauzaji mtandaoni. Daftari la KIPI halionyeshi alama ambayo haijasajiliwa, ilhali aliyekutangulia kuitumia sokoni na akajulikana kwayo anaweza kukuwekea pingamizi. Njia ikiwa safi, jaza fomu TM 2 ya kuomba usajili. Jina likikubaliwa hutangazwa kwenye jarida la KIPI, na watu wana siku 60 za kupinga. Wasipopinga unasajiliwa kwa miaka 10, kisha unahuisha.

"Jina linaloeleza bidhaa ndilo bora." Kwa tangazo, labda. "Ngozi Laini" kwa losheni litakataliwa, kwa kuwa kila muuzaji ana haki ya kusema losheni yake inalainisha ngozi. Buni neno.

"Nina alama ya KEBS." Hiyo inahusu ubora wa kilichomo ndani ya chupa. Jina lililo nje ni suala jingine kabisa.

"Nikisajili Nairobi, nimelindwa hadi Arusha." Usajili wa KIPI unaishia mpakani Namanga. Ukitaka kuuza Tanzania, omba ulinzi huko pia, na uombe kabla ya kupeleka katoni ya kwanza.